Laki saba ya dada wa Somanda: usiongeze mzigo, usikimbilie hisa za benki moja

Leo siongelei namna ya kupiga picha za bidhaa wala namna ya kumjibu mteja anayeuliza "bei ya mwisho ngapi". Naongelea ile hela inayobaki mzigo ukishaisha, wenye duka ukiwalipa na nyumbani mkashiba. Hiyo hela wengi wetu hapa Bariadi hatujui pa kuiweka, ndiyo maana huwa inapotea.

Wiki iliyopita dada mmoja wa Somanda anayeuza vitenge kwa stetasi za WhatsApp alinitumia ujumbe. Aliandika hivi: "Kaka, shikamoo. Nina laki saba imekaa tu kwenye simu. Niongeze mzigo au ninunue hisa za benki? Kwenye grupu wote wanasema benki, benki."

Nilimjibu: marahaba dada, usifanye lolote kati ya hayo mawili. Kesho yake aliniuliza sababu, na majibu yakawa marefu mno kwa ujumbe wa simu. Nimeona niyaandike hapa, maana najua swali hilo si lake peke yake.

Kwanza, kwa nini asiongeze mzigo

Hoja ya wengi naijua. "Kitenge nanunua elfu kumi na mbili nauza elfu kumi na sita. Ni faida gani ya mfuko itanipa hivyo?" Ni kweli, hakuna mfuko halali wa uwekezaji utakaokupa theluthi nzima ya hela yako ndani ya wiki mbili. Lakini faida hiyo unaipata kwa vitenge vinavyouzika tu. Kama wateja wako kwa mwezi ni arobaini, ukileta vitenge themanini hutauza themanini. Utauza arobaini, na arobaini vingine utaviangalia.

Mimi nilijifunza hili kwa viatu vya watoto. Mwaka mmoja nilileta mzigo mara mbili ya kawaida kabla ya msimu wa pamba, nikijua wakulima wakishauza watavisha watoto. Msimu ule hela ilichelewa kuingia mikononi mwa watu. Mzigo ukakaa miezi mitano chini ya kitanda, na mwisho nikauza kwa bei ya kununulia, pea nyingine chini ya hapo. Hela haikuibiwa na mtu. Niliilaza mwenyewe.

Na hapa ndipo kwenye kiini cha maneno yangu. Mtu wa Simiyu anayeuza mtandaoni ana kitu kimoja kinachobeba maisha yake yote: hela ya watu wa Simiyu. Mvua ikikataa, au bei ya pamba ikishuka, mauzo yako yanashuka, ya jirani yako yanashuka, na hata yule uliyemkopesha anashindwa kulipa, vyote mwezi mmoja. Ukiongeza mzigo, umeongeza uzito kwenye tawi lile lile ulilokalia. Ziada inatakiwa iende kwenye kitu kisichosubiri mvua ya Itilima wala Meatu.

Pili, kwa nini asinunue hisa za benki moja

Hapa najua nitapata maneno kwenye komenti, maana hisa za benki zimewafurahisha wengi miaka ya karibuni. Sisemi benki ni mbaya. Nasema kuchagua kampuni moja ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana kwenye grupu.

Angalia CRDB. Mwaka 2009 iliuza hisa zake kwa umma kwa shilingi 150 moja. Zilipanda, zikafika mahali watu wananunua kwa karibu 400. Halafu zikaanza kushuka taratibu, na kufikia miaka ya 2019 na 2020 zilikuwa chini ya 100. Baadaye zikapanda tena, na mwaka 2024 zikapita 600. Leo ukisimuliwa, unasimuliwa mwisho mzuri tu. Lakini fikiria wewe ndiye uliyenunua karibu na 400, ukaona hela yako imebaki chini ya robo, na ada ya mtoto inadaiwa. Ungesubiri kweli? Wengi waliuza pale chini kabisa.

Sasa linganisha na NMB, ambayo iliingia sokoni mwaka 2008 kwa shilingi 600. Miaka ile CRDB inaporomoka, NMB haikuporomoka namna ile. Na Vodacom Tanzania, iliyouza hisa zake mwaka 2017 kwa shilingi 850, ilikaa miaka mingi chini ya bei hiyo. Hizo ni kampuni tatu kubwa zinazojulikana na kila mtu, kwenye soko moja, na kila moja ina hadithi yake. Mwaka 2015 nani kwenye grupu angekwambia ipi itafanya nini? Hakuna, na anayekwambia leo kuhusu mwaka 2035 hajui pia.

Wazee wetu walikuwa na jibu

Mzee wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwenye zizi moja. Wengine aliwapeleka kwa shemeji, wengine kwa rafiki kijiji cha mbali. Ugonjwa ukipita huku, kule wapo. Hakuhitaji kujua ugonjwa utapita wapi. Alihitaji tu kuhakikisha hautapita kwenye mali yake yote.

Mfuko wa fahirisi unafanya hivyo hivyo kwa hisa. Fahirisi ni kipimo kinachoonyesha soko zima, au sehemu kubwa ya soko, limepanda au limeshuka kiasi gani. Mfuko wa fahirisi unakusanya hela za watu wengi na kununua kampuni zote zilizomo kwenye kipimo hicho, kila moja kwa uzito wake. Hakuna bosi anayekaa kuchagua kampuni nzuri. Kwa sababu hakuna wa kumlipa kwa kuchagua, gharama ya kuuendesha inatakiwa iwe ndogo.

Marekani, mtu aliyewapelekea watu wa kawaida wazo hili ni John Bogle wa kampuni ya Vanguard, mwaka 1976. Alitaka kukusanya dola milioni 150, akapata milioni 11 na kidogo tu. Walimcheka, wakasema ni upuuzi kununua soko zima badala ya kutafuta kampuni bora. Leo mifuko ya aina hiyo ni kati ya mikubwa kabisa duniani. Sababu yake haina uchawi: wachaguzi wengi wa hisa, ukishatoa ada wanazotoza, wanaishia chini ya soko lenyewe.

Lakini hapa niseme ukweli ambao wanaoshabikia hawausemi. "Soko zima" la Marekani ni maelfu ya kampuni. Soko letu la Dar es Salaam, DSE, ni dogo. Lina fahirisi mbili zinazotajwa sana. Moja inahesabu kampuni zote zilizoorodheshwa, pamoja na za Kenya zilizosajiliwa huku pia, kama KCB na EABL. Nyingine inahesabu za Tanzania pekee. Na ndani ya hiyo ya Tanzania, kampuni chache kubwa, hasa benki mbili nilizozitaja na Tanzania Breweries, ndizo zinazobeba uzito mkubwa. Kwa hiyo ukinunua soko zima la DSE umetawanya mali, ndiyo, lakini ni kama kutawanya ng'ombe kwa mashemeji wanne wanaoishi kata moja. Ni bora kuliko zizi moja, ila haitoshi.

Ndiyo maana mpango wangu hauna mfuko wa hisa peke yake. Una miwili.

Mifuko yenyewe

Wa kwanza ni wa hatifungani. Hatifungani ya serikali ni mkopo unaoipa serikali, na yenyewe inakulipa riba kwa miaka iliyopangwa, inaweza kuwa miwili au hata ishirini na mitano. Ukitaka kununua mwenyewe kwenye mnada wa Benki Kuu unaanzia shilingi milioni moja. Lakini UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ina Mfuko wa Hatifungani ambao unaanza na shilingi 50,000, na baada ya hapo unaongeza hata 5,000. Mfuko huo unakununulia hatifungani nyingi kwa pamoja. Unachomiliki wewe kinaitwa kipande, na kila siku ya kazi wanatangaza thamani ya kipande kimoja.

Wa pili ni mfuko wa hisa unaouzwa sokoni DSE kama hisa yenyewe. Kwenye simu utauona umeandikwa ETF. Wa kwanza wa aina hii hapa kwetu ulitoka kwa Vertex International Securities, na iTrust nao wakaleta wao unaolenga kampuni kubwa za Afrika Mashariki. Huo wa Afrika Mashariki mimi naupenda kwa wazo lake, maana unatoa ng'ombe nje ya kata. Ila usinunue jina. Soma waraka wake kwanza utafute mambo matatu: unafuata fahirisi gani, unakata ada kiasi gani kwa mwaka, na ndani yake kuna kampuni zipi kwa uzito gani. Kama waraka hausemi wazi unafuata kipimo gani, basi unamlipa mtu akuchagulie, hata kama umeitwa ETF.

Kuna njia ya tatu kwa mtu ambaye haya yote yanamchosha: Mfuko wa Umoja wa UTT, ulioanza mwaka 2005. Ndani yake umechanganya hisa na hatifungani tayari. Huo si mfuko wa fahirisi, kuna watu wanaoamua wanunue nini. Lakini umetawanywa vizuri, na mtu mmoja anaweza kukaa nao peke yake miaka kumi bila kugusa kingine. Kwa mama yangu mzazi ningesema Umoja, basi. Ujue tu kwamba ukitoka wanakata asilimia 1.

Hesabu ya dada wa Somanda

Sasa twende kwake taratibu, maana hapa ndipo watu wanakosea mpangilio.

Matumizi ya nyumbani kwake ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Mtaji wa vitenge anao tayari na unazunguka. Akiwa makini anaweza kutenga 100,000 kila mwezi bila kula mtaji. Lengo lake ni kujenga, na kiwanja hajanunua. Anasema ana miaka nane mpaka kumi.

Kitu cha kwanza si kuwekeza. Ni kutenga matumizi ya miezi mitatu, yaani 900,000, mahali ambapo anaweza kuichukua haraka. Kwa nini? Kwa sababu mwezi mbaya ukija na hana akiba, atalazimika kuuza vipande vyake siku hiyo hiyo, hata kama soko liko chini. Mtu mwenye hisa nzuri na mfuko mtupu ndiye anayeuza pale chini kabisa, kama wale wa mwaka 2019.

Kwa hiyo ile laki saba yote inaingia Mfuko wa Ukwasi wa UTT. Huo unaanza na 100,000, haukati ada ukitoka, na hela unaipata ndani ya siku chache za kazi. Sikumwambia aiache kwenye simu, kwa sababu hela iliyo kwenye simu ina mdomo. Shemeji akiomba, inatoka. Mteja akikwambia kuna mzigo wa bei rahisi Kariakoo, inatoka. Ile ya kwenye Ukwasi inakupa siku mbili tatu za kufikiri.

Laki mbili zilizobaki atazimalizia kwa miezi miwili. Mwezi wa tatu ndipo anaanza mpango wenyewe: kati ya kila 100,000, elfu sitini zinaenda Mfuko wa Hatifungani na elfu arobaini kwenye mfuko wa hisa.

Kwa nini sitini kwa arobaini na si hisa tupu? Vijana wa mitandaoni watakwambia ukiwa na miaka kumi weka yote kwenye hisa. Huyo kijana ana mshahara. Dada wa vitenge hana mshahara, kipato chake chenyewe kinapanda na kushuka kama hisa. Na soko letu, nimeshasema, ni jembamba. Kwa mtu kama yeye sitini za hatifungani si woga. Mwenye ajira ya serikali na pensheni anaweza kugeuza, sitini zikawa za hisa.

Sasa tuone siku mbaya, maana hapo ndipo mpango unapimwa. Tuseme mwaka mzima ametoa 1,200,000. Hatifungani zimepata 720,000 na hisa 480,000. Halafu soko la hisa linaanguka asilimia 30. Zile 480,000 zinabaki 336,000. Upande wa hatifungani tuseme umeongezeka asilimia 5 tu, kwa sababu hela nyingi imeingia mwishoni mwa mwaka, umefika 756,000. Jumla ana 1,092,000. Amepungukiwa 108,000, yaani asilimia 9 ya alichotoa.

Inauma? Inauma. Lakini haimtoi nyumbani. Angeweka yote kwenye hisa angepungukiwa 360,000, na nina hakika angeniblok.

Siku hiyo anafanya nini? Hauzi chochote. Anaangalia hisa zake sasa ni kiasi gani cha jumla: 336,000 kati ya 1,092,000, kama asilimia 31. Alitaka 40. Basi mchango wa mwezi unaofuata na wa mwezi wa pili wake, 200,000 yote, unaenda kwenye hisa. Hapo zinakuwa 536,000 kati ya 1,292,000, kama asilimia 41. Amerudi kwenye mstari, na amenunua wakati vitu viko bei ya chini. Kama hisa zingepanda sana zikafika asilimia 50, angefanya kinyume: michango yote kwenye hatifungani mpaka isawazike. Kazi hii inafanywa mara moja kwa mwaka. Mimi nimejiwekea mwezi Septemba, msimu wa pamba ukishapoa na akili ikiwa imetulia.

Namna ya kununua

Kwa UTT ni rahisi. Unapiga *150*82# au unatumia programu yao ya simu, unajisajili kwa namba ya NIDA, unachagua mfuko, unalipia kwa simu. Jaza na jina la mrithi, wengi wanaruka hapo. Hakikisha unapokea ujumbe wenye idadi ya vipande, si kiasi cha hela tu.

Kwa mfuko wa hisa unahitaji akaunti ya CDS, ambayo ndiyo daftari la hisa zako. Unaifungua kupitia dalali wa hisa mwenye leseni, au kwa programu ya DSE inayoitwa Hisa Kiganjani, huna haja ya kwenda Mwanza wala Dar. Dalali pamoja na tozo zote huchukua zaidi kidogo ya asilimia 2 kila unaponunua na kila unapouza. Kwa 40,000 ni kama shilingi 900 hivi. Si nyingi, lakini ukinunua leo na kuuza mwezi ujao umeshapoteza zaidi ya asilimia 4 kabla soko halijafanya lolote. Hii ni hela ya kuingia na kukaa. Na kwa sababu kila kutuma hela kwa simu kuna makato, mimi nakusanya miezi mitatu, naweka oda moja ya 120,000.

Mambo yanayoharibika, na utayajuaje

La kwanza ni bei kuachana na thamani. Mfuko unaouzwa sokoni una namba mbili. Moja ni thamani halisi ya kipande: hisa zote zilizo ndani, ukigawa kwa idadi ya vipande. Nyingine ni bei ambayo watu wanauziana siku hiyo. Kwenye masoko makubwa namba hizi zinakaribiana, kwa sababu kuna wafanyabiashara ambao kazi yao ni kuzisawazisha. Kwenye soko dogo, watu wakikimbilia mfuko mmoja, bei inaweza kupaa juu ya thamani. Unakuwa kama mtu anayenunua kapu la vitenge kumi kwa 200,000 wakati kimoja kimoja dukani ni 12,000. Soko linaweza kutulia tu, na wewe ukapoteza. Kwa hiyo kabla ya oda, tafuta thamani halisi anayotangaza msimamizi wa mfuko, ilinganishe na bei ya sokoni. Mimi bei ikizidi thamani kwa zaidi ya asilimia 5 sinunui. Mchango wa miezi hiyo naupeleka hatifungani au Umoja, nasubiri. Na ukiweka oda, andika bei yako ya juu kabisa. Usiseme "nunua bei yoyote".

La pili ni siku wauzaji wengi na wanunuzi hakuna. Soko letu linaweza kupita siku nyingi oda yako haijapata mtu. Kwa hiyo hela ya ada ya Januari isiwe kwenye hisa mwezi Novemba. Hela yoyote unayojua utaihitaji ndani ya miaka mitatu, ikae Ukwasi.

La tatu ni matapeli wanaotumia maneno haya haya. Tanzania tulishaumizwa na DECI, ule mtandao wa kupanda na kuvuna ulioanguka mwaka 2009, na tangu hapo kila baada ya muda linakuja jina jipya. Siku hizi wanasema "mfuko", wanasema "hisa", wanasema "faida kila wiki". Mfuko halali una leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, na majina ya wenye leseni wameyaweka wazi. Mfuko halali haukuahidi kiwango cha faida, haukulipi kwa kuleta watu, na thamani ya kipande chake cha hisa siku nyingine inashuka. Ukiona kitu kinachopanda tu kila siku bila kushuka hata mara moja, kimbia.

Na la mwisho, hakuna dhamana. Hatifungani za serikali ni salama kuliko vingi, lakini vitu vikipanda bei kuliko riba unayopata, unarudi nyuma kimyakimya. Hisa zinaweza kukaa chini miaka mitano, CRDB imetuonyesha. Mpango huu haukufanyi tajiri. Unachofanya ni kuitoa ziada yako chini ya kitanda na nje ya mvua ya Simiyu, bila wewe kuwa mtabiri.

Alichoniambia

Dada alisoma hesabu yote, akanipigia. "Kaka, kwa hiyo hiyo laki saba yangu, hisa ngapi nanunua leo?" Nikamwambia sifuri. Akanyamaza kidogo. "Hata moja?" Hata moja, dada, mpaka mwezi wa tatu.

Hakufurahi, nilimsikia kwenye sauti. Wenzake kwenye grupu wanaposti picha za oda zao za benki. Lakini jioni alinitumia ujumbe wa UTT aliopokea: vipande vya Ukwasi vya shilingi 700,000, jina la mrithi limejazwa. Chini yake akaandika, "Wabeja kaka. Mwezi wa tatu nitakusumbua tena."

Asumbue tu. Na wewe unayesoma, kabla hujaniuliza mfuko gani, niandikie kwenye komenti kitu kimoja: matumizi yako ya miezi mitatu ni shilingi ngapi, na leo hiyo hela iko wapi? Tuanzie hapo.